Baada ya kifungua kinywa nasoma bila shida, baada ya chakula cha jioni nashindwa. Tofauti iko wapi?

#1 Mpiga Hesabu

Wakuu, salaam.

Najiandaa na mtihani wa uhasibu, imebaki miezi minne. Mchana niko kazini, kwa hiyo muda wangu ni asubuhi na usiku. Zamani nilikuwa napanga kwa saa, ratiba naibandika ukutani, na baada ya wiki moja hakuna anayeitazama. Mwezi uliopita nikabadilisha: nikafunga kusoma kwenye milo. Nikimaliza kifungua kinywa, nasoma dakika 20. Nikimaliza chakula cha jioni, nasoma saa moja na nusu. Kila siku naweka alama kwenye daftari. Haya ndiyo yaliyotoka kwa wiki nne:

Asubuhi za siku za kazi, 17 kati ya 20.
Asubuhi za Jumamosi na Jumapili, 1 kati ya 8.
Usiku, 9 kati ya 28, na tano kati ya hizo ni za wiki ya kwanza.

Asubuhi sasa hivi sijishauri hata kidogo, najikuta tu kitabu kiko wazi. Usiku kila siku ni mashauriano na nafsi, na nafsi inashinda. Mtu ni mimi yuleyule, njia ni ileile ya kufunga kwenye mlo. Kwa nini moja imeshika na nyingine imekataa?

#2 Nyuki Mchapakazi

Mkuu, jibu liko kwenye namba zako mwenyewe. Tabia inajengwa kwa siku 21. Asubuhi umefanya 17 na moja ya Jumamosi, jumla 18, uko mlangoni. Usiku umefanya 9 tu. Jilazimishe usiku ufike 21 na utaona mwili unaenda wenyewe.

#3 Chipukizi

Mimi nakula kidogo tu kabla ya kusoma, nikishiba nalala. Kwa hiyo ningekushauri usile chakula kizito usiku. Na maji ya kutosha.

#4 Mama Pacha

@Chipukizi mdogo wangu, hajauliza ale nini. Anauliza kwa nini mlo mmoja unamkumbusha kusoma na mwingine haumkumbushi.

Mpiga Hesabu, pole. Mimi nilisoma shahada nikiwa na watoto wawili wadogo na niligundua jambo moja: kifungua kinywa changu kilikuwa changu, chakula cha jioni kilikuwa cha watu wote. Asubuhi nakula nimesimama, naosha kikombe, basi. Jioni kuna anayeongeza sahani, kuna anayemwaga, kuna anayetaka asimuliwe. Mlo unaisha lini? Hauishi. Unayeyuka. Ukingoja uishe ndipo usome, utangoja hadi kitandani.

#5 Mwalimu Kobe

Mama Pacha amegusa penyewe, nami naomba nirefushe kidogo. Kazi yangu ni kuwasaidia wanafunzi wa chuo kupanga masomo, na swali hili nalipata kila muhula.

Mtu akisema “nitasoma baada ya chakula cha jioni” anadhani amepiga kigingi ardhini. Lakini “chakula cha jioni” si tukio moja, ni kipindi. Kina kupakua, kula, kuongea, kukaa, kutoa vyombo, kukaa tena. Ubongo haushiki kipindi, unashika kitendo: sauti ya kikombe kuwekwa kwenye kichanja cha vyombo, mkono kufuta meza, mlango wa jiko kufungwa. Kigingi kikiwa kimelegea, mbuzi anaondoka na kamba yake.

Mtafiti Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 kuhusu mipango ya namna hii, yaani “ikitokea hivi, basi nitafanya hivi”. Katika jaribio moja alilofanya na mwenzake, wanafunzi waliombwa waandike ripoti ya jinsi walivyotumia mkesha wa Krismasi, na waitume ndani ya siku mbili. Wale walioulizwa mapema watakaa wapi na lini kuiandika, walioikamilisha walikuwa zaidi ya mara mbili ya wale walioachwa na nia nzuri tu. Nguvu ilikuwa kwenye kutaja mahali na wakati bila utata.

Kwa hiyo mkuu, nina swali kabla ya ushauri. Asubuhi, kitendo cha mwisho kabisa kabla ya kufungua kitabu ni kipi? Na usiku ni kipi? Usijibu kwa kukumbuka. Jiangalie siku tano, andika, urudi.

Kuhusu siku 21 hapo juu, samahani, hilo si la tabia. Lilitoka kwa daktari wa upasuaji wa sura, Maxwell Maltz, mwaka 1960. Aliona wagonjwa wake wanahitaji angalau siku 21 hivi kuzoea sura mpya kwenye kioo. Neno “angalau” likapotea njiani, na sura ikageuka kuwa tabia yoyote.

#6 Nyuki Mchapakazi

@Mwalimu Kobe sawa, nimekubali la daktari. Lakini basi ni 66. Hiyo nimeisoma, ni ya chuo kikuu cha London. Ina maana hoja yangu inabaki: afanye mara nyingi zaidi, suala ni idadi.

#7 Saa Kamili

Mimi nawapinga wote kwa heshima. Hii habari ya kufunga kwenye mlo inasifiwa kupita kiasi. Mimi nasoma saa 2:30 usiku, kengele ya simu inalia, nakaa. Miaka miwili sasa. Na kuna utafiti wa mwaka 2021 wa Jan Keller na wenzake, watu 192, kundi moja lilifunga tabia mpya ya ulaji kwenye shughuli ya kila siku, jingine likaifunga kwenye saa. Hakuna kundi lililoshinda. Mleta uzi aliacha saa kwa sababu ratiba ilikuwa ukutani, na ukuta haulii. Angeweka kengele.

#8 Mwalimu Kobe

@Nyuki Mchapakazi namba 66 ni ya kweli, ila isome kwa utulivu. Ni kazi ya Phillippa Lally na wenzake, ilitoka 2009. Walianza watu 96, kila mmoja akachagua jambo dogo la kula, kunywa au mazoezi na kulifunga kwenye tukio moja la siku, kwa mfano baada ya kifungua kinywa, kwa siku 84. Hiyo 66 ni ya aliye katikati ukiwapanga kwa mstari, tena kati ya wale 39 tu ambao data zao zilionyesha mwendo unaoeleweka. Wa haraka alikadiriwa siku 18, wa mwisho 254. Kunywa glasi ya maji kulishika upesi, mazoezi yalichukua muda mrefu zaidi.

Na hakuna hata mmoja aliyechagua kusoma uhasibu saa moja na nusu. Ndiyo maana mimi simwambii mwanafunzi namba yoyote. Kilicho cha maana kwetu kwenye utafiti ule ni kitu kingine: kukosa siku moja hakukubomoa kilichojengwa. Waliorudi kesho yake waliendelea karibu palepale.

@Saa Kamili hoja yako ina uzito na utafiti huo naufahamu. Sidhani kama unapingana nami. Saa 2:30 na kengele ni kigingi kilichokazwa. “Baada ya chakula cha jioni” bila kitendo ni kigingi kilicholegea. Tofauti ninayoiona mimi ni ya kukaza, si ya aina ya kigingi.

#9 Saa Kamili

Hapo tumekaribiana, ingawa bado nasema kengele haisahau na haimtegemei mtu mwingine kumaliza kula.

#10 Zamu ya Usiku

Habari zenu. Mimi ni muuguzi, zamu zangu zinazunguka. Wiki hii kifungua kinywa changu ni saa 12 asubuhi, wiki ijayo nitakula hicho hicho saa 9 alasiri nikiamka. @Saa Kamili, kengele yako kwangu ingelia nikiwa wodini. Kwa watu wa zamu, mlo wa kwanza baada ya kuamka ndio kitu pekee kinachotufuata popote saa inapokwenda. Kwangu kigingi ni mlo, saa hainisaidii.

Lakini nina swali langu pia: siku ya kubadilisha zamu nakuwa na milo miwili ya “kuamka” ndani ya saa 24, au nakosa kabisa. Hapo natumia upi?

#11 Chipukizi

Mama Pacha asante kwa kunirekebisha, nilisoma haraka. Lakini bado nadhani usingizi upo. Asubuhi mtu ametoka kulala, usiku ana saa 15 za kuwa macho mgongoni. Hata kigingi kiwe cha chuma, mtu aliyechoka amechoka.

#12 Mzee Kalamu

Chipukizi safari hii kasema kweli na asionekane mdogo. Nimefundisha shule miaka 31. Wanafunzi waliofunga kusoma kwenye chakula cha usiku bwenini walikuwa wanakaa mezani kweli, tabia ilikuwa imeshika kabisa, ila ukiwauliza asubuhi walichosoma hawakumbuki. Tabia ya kukaa na kazi ya kuelewa ni vitu viwili. Mnajadili jinsi ya kumfikisha mtu kwenye kiti, hamjadili anachofanya akifika.

#13 Mpiga Hesabu

Nimerudi wakuu, asanteni. Mwalimu Kobe, nilifanya ulivyosema, siku tano. Nilichokiona kimenishtua.

Asubuhi: nasuuza kikombe, nakipindua kwenye kichanja, nageuka, meza iko nyuma yangu hatua mbili na kitabu kiko hapo kwa sababu nakiacha usiku. Siku zote tano zilikuwa hivyohivyo, hata upande ninaogeukia.

Usiku:
Jumatatu, tulimaliza kula saa 1:40. Nikabaki nimekaa palepale, nikashika simu. Saa 3:05 nikainuka.
Jumanne, nilichelewa kazini, nikala saa 2:50 peke yangu. Simu ikiwa mkononi tangu tonge la kwanza.
Jumatano, mgeni.
Alhamisi, mke wangu alitoa vyombo, mimi nikabaki na simu. Nilikumbuka kusoma saa 3:30 nikiwa kitandani.
Ijumaa, niliosha vyombo mimi. Nikamaliza, nikafuta mikono, nikasoma dakika 50 bila kujilazimisha.

Na hapo ndipo nikarudi kwenye daftari la wiki nne. Siku 9 za usiku nilizosoma, nilijaribu kukumbuka ni zipi. Angalau tano nina uhakika zilikuwa siku nilizoosha vyombo mimi, kwa sababu wiki ya kwanza mke wangu alikuwa amesafiri. Sikuwahi kuviunganisha vitu hivyo.

#14 Mama Pacha

Shemeji, basi dawa imeshapatikana, na dada yetu apumzike vyombo! 😄 Mwambie ni kwa ajili ya mtihani.

#15 Dada Upepo

Naingia kwa mara ya kwanza kwenye uzi huu. Mimi naona nyote mmeruka kitu kilichoandikwa mara tatu kwenye bandiko #13: simu.

Kigingi cha usiku hakijalegea hata kidogo. Kimekazwa sana, ila kimeshafungwa mbuzi mwingine. Kumaliza kula, basi mkono kwenye simu. Hiyo ni tabia ya miaka, inajiendesha yenyewe, na wewe unataka kumfunga mbuzi mpya kwenye kigingi chenye mwenyewe. Ijumaa ulisoma kwa sababu mikono ilikuwa na maji na huwezi kushika simu na maji. Vyombo vilifanya kazi kwa kuzuia simu, havikukukumbusha lolote.

Nilijifunza hivi kwa kuumia. Nilikuwa nafunga kusoma lugha kwenye kahawa ya mchana, miezi miwili haishiki, kumbe kahawa ya mchana ilikuwa tayari ni ya habari za mtandaoni. Nikahamisha lugha kwenye kufunga viatu asubuhi, ambapo hapakuwa na kitu. Kadi tano za maneno kabla sijafungua mlango. Huo ni mwaka wa pili.

#16 Nyuki Mchapakazi

@Dada Upepo kabla ya kufungua mlango au baada ya kufunga viatu? Nauliza kwa dhati, kwa sababu mimi nilijaribu “kabla ya kulala nasoma kurasa mbili” na nilikuwa nakumbuka nikiwa nimeshazima taa.

#17 Dada Upepo

Baada ya kufunga viatu. “Kabla ya” haikunishika kamwe, kwa sababu hakuna kinachotokea kuniambia kwamba kile kingine kinakaribia. Nikishafunga kamba ya pili, jambo limetokea, naliona.

#18 Mwalimu Kobe

Hilo la “kabla” na “baada” kuna watu waliligusa kwa kusafisha meno kwa uzi. Gaby Judah na wenzake, 2013, watu 50: wengine waliambiwa wapitishe uzi kabla ya mswaki, wengine baada ya mswaki. Walipoangaliwa miezi minane baadaye, waliofanya baada ya mswaki walielekea kuwa na tabia iliyokomaa zaidi. Ni kundi dogo, nisiliongezee chumvi, lakini linaafikiana na wanafunzi wangu. “Kabla ya kulala” ni moja ya mipango ninayoiona ikifa mapema kuliko yote.

@Dada Upepo hoja ya mbuzi mwingine ni nzuri na nadhani ni kweli kwa kiasi. Ila siamini ni kweli yote. Mpiga Hesabu hata asubuhi ana simu, sivyo? Mbona haimzuii?

#19 Mpiga Hesabu

Asubuhi simu iko chumbani inachajiwa, naichukua wakati wa kutoka. Sikupanga hivyo, ni vile soketi iko huko.

#20 Dada Upepo

Nadhani nimejibiwa.

#21 Mzee Kalamu

Narudi kwenye hoja yangu, maana naona imepitwa. Mpiga Hesabu, asubuhi zile dakika 20 unasoma nini hasa? Na usiku?

#22 Mpiga Hesabu

Asubuhi, mzee wangu, nafanya swali moja fupi. Nalichagua usiku uliotangulia na kulikunjia ukurasa. Kwa mfano juzi lilikuwa la kurekebisha faida kwa uchakavu kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha. Namaliza, naangalia jibu, natoka.

Usiku mpango ulikuwa “kusoma sura”. Sura yoyote iliyobaki.

#23 Mzee Kalamu

Basi nimeona ninachokitafuta. Asubuhi ukifika kwenye meza hakuna la kuamua: ukurasa umekunjwa, swali ni moja, mwisho wake unaonekana. Usiku ukifika unaanza kutafuta sura, kisha unakumbuka ile ngumu ambayo umeikimbia, kisha unahesabu dakika 90. Uamuzi huo ndio unaokurudisha kwenye simu. Mwalimu Kobe amekaza upande wa “ikitokea hivi” vizuri sana. Upande wa “basi nitafanya hivi” umeachwa wazi, na “kusoma” si kitendo. Huwezi kumpiga mtu picha akiwa “anasoma” ukajua anafanya nini.

Kwa wanafunzi wangu nilikuwa na kanuni moja: kikao kinaishia kwa kuandika mstari wa kwanza wa kikao kinachofuata. Ukimaliza swali leo, unanakili swali la kesho juu ya karatasi tupu na kuiacha mezani na kalamu juu yake. Kesho yake mtoto haanzi, anaendelea.

#24 Mwalimu Kobe

@Mzee Kalamu nakubali bila kubisha, na naongeza tahadhari moja tu. Kinachoweza kuwa tabia ni kule kuanza: kugeuka, kukaa, kushika kalamu. Kutatua swali hakutakuwa tabia kamwe, na kusiwe, kwa sababu siku ukitatua swali bila kufikiri ujue hujifunzi kitu. Kwa hiyo mtu asingoje siku ambayo kusoma kutakuwa kwepesi kama kupiga mswaki. Kwepesi kutakuwa kufika mezani. Baada ya hapo ni jasho kama kawaida.

#25 Zamu ya Usiku

Swali langu la #10 bado liko hewani jamani 🙂

#26 Mama Pacha

Dada muuguzi, samahani, tulizama. Siku ya kubadilisha zamu mimi nisingetumia mlo kabisa. Kuna kitu gani unafanya kila unapotoka kazini, iwe asubuhi au usiku?

#27 Zamu ya Usiku

Naoga. Nikifika tu, kabla ya lolote, naoga na kuweka sare kwenye kapu la nguo chafu. Hilo halijawahi kukosa.

#28 Mwalimu Kobe

Sare kwenye kapu, hicho ni kitendo chenye sauti na mwisho. Ila kuwa mwangalifu: baada ya zamu ya usiku kucha, mwili unahitaji kulala, na kusoma kutaiba usingizi ambao ndio unaohifadhi ulichosoma. Ningekishusha kikao cha siku hizo kiwe kidogo kabisa, kadi tatu tu, ili kigingi kisikae bure.

#29 Saa Kamili

Hapo sikubaliani. Kwa nini asiache kabisa siku ile? Mwenyewe umesema kwenye #8 kwamba kukosa siku moja hakubomoi.

#30 Mwalimu Kobe

Siku moja, ndiyo. Zamu zake za usiku zinaweza kuwa tatu au nne mfululizo, na sina utafiti wa kunieleza hizo zinafanya nini. Ni maoni yangu kwa niliyoyaona, naweza kuwa nakosea.

#31 Zamu ya Usiku

Kusema kweli kadi tatu baada ya saa 12 za wodi siziwezi na sitaki kujidanganya. Nitajaribu sare kwa siku za zamu ya mchana na siku ya kubadilisha, za usiku nitapumzika. Asanteni.

#32 Mpiga Hesabu

Wakuu, imepita wiki mbili, naleta hesabu.

Nilichobadilisha: (a) naosha vyombo mimi kila usiku, na kigingi ni kutundika taulo la vyombo, (b) simu inakwenda chumbani kwenye soketi ileile kabla sijapakua, (c) kikao kimeshuka kutoka dakika 90 hadi 25, swali moja, nimelinakili asubuhi juu ya karatasi kama Mzee Kalamu alivyosema.

Usiku wa wiki mbili: 11 kati ya 14. Tatu nilizokosa: mbili nilichelewa kurudi nikala nje, hakukuwa na vyombo wala taulo. Moja nilikuwa nimechoka tu, nilitundika taulo, nikaiona karatasi, nikaenda kulala.

Katika zile 11, tano nilipitiliza dakika 25 mwenyewe, moja ilifika saa nzima.

#33 Dada Upepo

Hongera sana! Na simu ikathibitika.

#34 Mzee Kalamu

Karatasi, binti yangu. Karatasi ndiyo iliyothibitika.

#35 Nyuki Mchapakazi

Mbona mimi naona ni dakika 25? Mtu yeyote anaogopa 90. Hata bila taulo wala soketi ningekaa dakika 25.

#36 Saa Kamili

Ndiyo shida ya kubadilisha vitu vitatu mara moja. Hakuna anayeweza kusema kipi kimefanya kazi. Na angalieni siku mbili alizokula nje: kigingi cha kitendo kilipotea pamoja na kitendo. Kengele ya saa 2:30 ingelia hata akiwa njiani. Siku kama hizo ndizo ninazozisemea tangu #7.

#37 Mama Pacha

Ingelia akiwa njiani, halafu? Angesomea barabarani? 😄

#38 Saa Kamili

Angalau angekumbuka akifika.

#39 Chipukizi

Na ile ya tatu, aliyoona karatasi akalala, ni usingizi. Nitaendelea kuusemea.

#40 Mwalimu Kobe

Chipukizi, hiyo moja nakupa. Ishara ilifanya kazi yake yote, karatasi ilikuwapo, simu haikuwapo, na mwili ukakataa.

Saa Kamili ana haki kuhusu vitu vitatu. Mpiga Hesabu, kama una moyo, wiki ijayo rudisha kimoja tu kilivyokuwa na uache viwili. Na Jumamosi na Jumapili umeziacha? Zile 1 kati ya 8?

#41 Mpiga Hesabu

Mwalimu, mtihani uko karibu, sina ujasiri wa kurudisha simu mezani. Naweza kurudisha vyombo kwa mke wangu, amecheka nilipomwambia, lakini anasema tayari amezoea kukaa.

Za mwisho wa wiki nimeziangalia pia. Jumamosi naamka saa 3 na tunakula pamoja, kikombe changu kinaoshwa na mtu mwingine, yaani kifungua kinywa cha Jumamosi ni kama chakula cha jioni cha siku ya kazi. Juzi Jumamosi nilijaribu kusuuza kikombe changu mwenyewe na kukipindua kwenye kichanja kama siku nyingine. Niligeuka, nikakuta mezani bado kuna watu wanakula. Nikachukua karatasi, nikaenda kukaa kitandani, nikafanya nusu ya swali. Nimeiwekea alama ya nusu, sijui kama inahesabika. Jumapili sikufanya.